Kadi ya tovuti ya vyumba inakataliwa Shela, kadi za wageni wenyewe zinapita. Tatizo liko wapi?

BintiShela
Asalam aleikum wanajukwaa. Naomba msaada kwa anayejua mambo ya mashine za kadi.

Tuna nyumba ya wageni hapa Shela, vyumba sita. Juu kwenye makuti tunapika, na jioni anayetaka kutembezwa kwa jahazi tunamtoa. Wageni wengi wanatufikia kupitia tovuti ya kuhifadhi vyumba. Zamani tovuti ilitutumia pesa benki moja kwa moja, lakini msimu huu wametuwekea utaratibu mpya. Mgeni anawalipa wao, kisha wao wanatupa nambari za kadi pepe, sisi tuziingize kwenye mashine yetu kwa mkono na tukate hela yetu.

Basi kadi hizo zinakataliwa. Si moja, zote. Mgeni ameshalala, ameshaondoka, mimi nimebaki na dola 410 ambazo naziona kwenye skrini ya tovuti lakini kwenye mashine haziingii. Wakati huohuo Mjerumani akitoa kadi yake mfukoni kulipia samaki, inapita mara moja. Nimezima mashine na kuiwasha, nimebadilisha laini ya simu iliyo ndani, mambo ni yaleyale. Benki wananiambia tatizo ni la tovuti, na tovuti wananiambia ni la benki.

Langoni_Kwetu
Wa aleikum salam dada. Hizo kadi pepe huwa zimefungwa mpaka siku ya mgeni kuingia. Ukijaribu kabla, haipiti. Subiri tarehe ifike ujaribu tena. Hapo ndipo wengi hukwama.

BintiShela
Kaka nimesema mgeni ameshaondoka. Tarehe ilipita zamani.

Langoni_Kwetu
Ah, samahani, nilisoma mbiombio. Basi angalia kiasi. Ukikata hata senti moja zaidi ya iliyomo inakataa. Na kama kadi ni ya dola na mashine yako inakata shilingi, ubadilishaji unaweza kukuvusha juu ya kiasi kilichomo.

Mama_Kanga
Mie nina till ya M-Pesa hapo Mkomani na sijawahi kukataliwa malipo. Mbona usiwape wageni till tu? Hata Mzungu siku hizi ana M-Pesa. Au hiyo nambari ya till yako imesajiliwa vibaya?

Karani_Mstaafu
Mama, anayemlipa hapa si mgeni, ni tovuti, na tovuti imeshaamua kulipa kwa kadi. Till haiingii katika habari hii. Kadi za Visa na Mastercard zina kanuni zake, na kanuni hizo hazisomi nambari ya till.

Dada BintiShela, nilifanya kazi miaka mingi upande wa mashine za kadi katika benki moja Mombasa. Nijibu mambo matatu. Karatasi inayotoka kadi ikikataliwa imeandikwa nambari gani? Ni tarakimu mbili. Pili, umewahi kuingiza kwa mkono kadi ya mtu mwingine, si ya tovuti, ikapita? Tatu, mashine hiyo ulipoiomba, fomu ilijazwa na nani, na biashara iliandikwa jina gani?

BintiShela
Karatasi zimeandikwa 57. Moja ya mwanzo ilikuwa 05.

Kuingiza kwa mkono, ndiyo. Mama mmoja wa Uholanzi alinipa nambari zake kwa simu alipolipia rambirambi zake, pole, amana yake ya chumba (simu hii inaniandikia maneno yake!), na ilipita.

Fomu ilijazwa na kijana wa benki aliyekuja na boti kutoka Mokowe, akasajili biashara kadhaa siku moja. Jina letu la kusajiliwa lina maneno "Tours and Safaris" kwa sababu marehemu baba alianza na kutembeza wageni kabla ya kujenga vyumba.

Karani_Mstaafu
Hapo umenipa karibu jibu lote.

Kama shida ingekuwa kiasi, karatasi ingeandika 51, maana yake pesa zilizomo hazitoshi. Kama mashine yako hairuhusiwi kuingiza nambari kwa mkono, mara nyingi ungeona 58, yaani mashine hii hairuhusiwi muamala wa namna hii. Na yule mama wa Uholanzi asingepita. Nambari 05 haisemi kitu, ni benki ya mwenye kadi inakataa bila kueleza. Lakini 57 inasema kadi hii hairuhusiwi muamala huu. Pesa zimo, kadi ni nzima, ila mwenye kuitoa ameifungia matumizi fulani.

Tovuti za vyumba zikitoa kadi pepe huzifunga zitumike kwenye hoteli na nyumba za kulala wageni tu, ili nambari zikiibiwa mwizi asinunulie simu. Sasa benki iliyotoa kadi, ikiwa Ulaya au Marekani, itajuaje kuwa wewe ni nyumba ya wageni? Haijui Shela wala haioni makuti yako. Inachoona ni tarakimu nne ambazo benki yako imezibandika kwenye biashara yako siku ile ya fomu. Kwenye makaratasi yao zinaitwa MCC. Kila kadi inayopita kwako, tarakimu hizo zinasafiri ndani ya ujumbe wa kuomba ruhusa, katika sehemu ya 18 ya ujumbe. Nyumba ya kulala wageni ni 7011. Mwenye kutembeza watalii na wakala wa safari ni 4722. Nadhani kijana wa benki alisoma "Tours and Safaris" akaandika 4722, akarudi kwenye boti.

Kuzima na kuwasha mashine hakubadilishi kitu. Mara nyingi tarakimu hizo hutolewa na kompyuta ya benki kwa kufuata nambari yako ya mfanyabiashara, na hata zikiwa ndani ya mashine, huna menyu ya kuzigusa.

Langoni_Kwetu
Mzee Karani, mimi najua hiyo nambari hutoka KRA. Ukisajili PIN unaulizwa shughuli ya biashara, na kaunti nao wakikupa kibali wanaandika aina. Benki inanakili tu. Kwa hiyo dada aanze kubadilisha KRA, la sivyo benki itamkatalia.

Karani_Mstaafu
Uko karibu lakini hujafika, ndugu yangu. KRA wana orodha yao ya shughuli, na kaunti wana yao ya ada za vibali. Tarakimu za kadi ni orodha ya tatu, ina kiwango chake cha kimataifa, ISO 18245, na Visa na Mastercard kila mmoja ana kitabu chake cha kueleza nani aingie wapi. Anayechagua ni benki iliyokupa mashine. Si serikali, si wewe, na wala si Visa wanaokujua wewe binafsi.

Ulichosema kweli ni hiki: ofisa wa benki anapoamua, huangalia kibali na cheti cha usajili. Makaratasi yakisema "tours" na macho yake hayajafika Shela, ataandika tours. Kwa hiyo makaratasi yana nguvu, lakini kama ushahidi tu.

Kanuni anayotakiwa kuifuata ni kutazama mauzo. Biashara ikiwa na shughuli kadhaa chini ya paa moja na mashine moja, inapewa nambari ya ile inayoingiza pesa nyingi zaidi. Jina halihesabiwi. Mtu anaweza kujiita "Paradise Tours" na akawa muuza dawa, basi ni duka la dawa, 5912.

BintiShela
Subhanallah. Na nitajuaje kwa hakika kabla sijaenda kugombana nao? Wakiniambia "hapana, umeandikwa hoteli" nitasema nini?

Karani_Mstaafu
Njia iliyo salama ni kuwaandikia barua pepe: "naomba MCC ya nambari yangu ya mfanyabiashara." Nambari ya mfanyabiashara iko juu ya kila risiti. Hawana sababu ya kukuficha. Uliza kwa maandishi, kwa sababu ukipiga simu, anayepokea hukujibu kwa kukisia.

Kama benki hiyohiyo ilikupa na kibandiko cha msimbo wa QR wa kuwekwa mezani, unaweza kuchungulia mwenyewe. Piga picha kwa programu yoyote inayosoma QR na kuonyesha maandishi ghafi, si ile inayolipa moja kwa moja. Utaona mstari mrefu usio na nafasi. Benki Kuu ilitoa kiwango cha KE-QR mwaka 2023 na kimefuata mpangilio wa kimataifa, kwa hiyo katikati tafuta kipande cha namna hii:

```
52044722
5303404
5802KE
6004LAMU
```

Nimekikata mistari ili kisomeke. 52 ni sehemu ya aina ya biashara, 04 ni kwamba zinafuata herufi nne, na 4722 ndiyo yenyewe. Mstari wa pili ni shilingi ya Kenya, ambayo nambari yake ni 404, kisha nchi, kisha mji. Tahadhari moja: QR na mashine zinaweza kuwa zimesajiliwa kwa nambari mbili tofauti za mfanyabiashara, na QR nyingine utakuta sufuri nne zimewekwa hapo kwa uvivu. Ukiona 4722 ni dalili nzuri, si hukumu.

BintiShela
Kibandiko ninacho! Nimesoma. Iko `52044722` kama ulivyoandika. Mikono inatetemeka.

Halafu nimewapigia tena tovuti, nikamwambia yule msichana asiniambie habari za benki, anisomee tu sababu kwenye kumbukumbu ya kadi. Akasema kwake inaonekana "aina ya biashara hairuhusiwi". Mara zote nilizopiga hakuna aliyenisomea hilo.

Mpishi_Malindi
Nilikuwa nasoma kimya, kumbe hii ndiyo shida yangu! Nina mkahawa barabara ya Casuarina, Malindi. Pizza, pweza, tambi, na kaunta ya vinywaji. Wageni wa mashirika wanaokuja kwa semina wakilipa chakula cha mchana kwa kadi za ofisi, baadhi zinakataliwa, na kadi zao binafsi zinapita. Nimekuwa nikidhani ofisi zao zimefilisika.

Mzee, yaweza kuwa nimeandikwa baa?

Karani_Mstaafu
Yaweza sana. Mkahawa ni 5812. Baa ni 5813. Mwajiri akitoa kadi za safari kwa wafanyakazi wake huamua aina zipi zifunguliwe: vyumba, chakula, ndege, mafuta. Baa ni miongoni mwa za kwanza kufungwa. Mwenye kadi anakula wali wa nazi na maji ya chupa, lakini benki yake haioni sahani, inaona 5813.

Kwako utapimwa kwa hesabu. Chukua mauzo ya mwaka, tenga chakula na vinywaji. Chakula kikizidi, una haki ya kuomba 5812. Vinywaji vikizidi, wewe ni baa hata ukiwa na tanuri la pizza.

Mpishi_Malindi
Agosti na Desemba vinywaji vinazidi. Miezi mingine chakula. 🙂

Karani_Mstaafu
Mwaka mzima, ndugu. Si Desemba peke yake.

Hesabu_Safi
Mimi ni mhasibu. Naona mnazungumzia kukataliwa tu, kumbe pesa iko kwenye makato. Nambari hizo ndizo zinazoamua unakatwa asilimia ngapi. Maduka ya chakula ya jumla na vituo vya mafuta hukatwa kidogo. Dada, ukienda kubadilisha, zungumza nao wakupe ya duka la vyakula, 5411. Mnapika pia, si uongo kabisa.

Karani_Mstaafu
Ni uongo kabisa, na ungemrudisha palepale: kadi pepe ya hoteli itakataliwa kwenye 5411 kama ilivyokataliwa kwenye 4722.

Kuhusu makato una nusu ya ukweli. Katika kile unachokatwa, fungu fulani linakwenda kwa benki ya mwenye kadi, na ukubwa wa fungu hilo hutegemea mambo kadhaa: kadi ni ya aina gani, imetoka nchi gani, imechomekwa au imeandikwa kwa mkono, na ndiyo, aina ya biashara. Lakini wafanyabiashara wadogo wengi wamesaini mkataba wa asilimia ileile kwa kila kadi. Kwa mkataba kama huo, nambari ikibadilika faida au hasara inabaki kwa benki, wewe huioni mpaka siku ya kujadili mkataba upya. Dada, angalia wako. Kama ni asilimia ileile kwa kila kadi, usitarajie nafuu hapo.

Na kuandikwa aina ya uongo kwa makusudi si mchezo. Visa na Mastercard huitoza faini benki, benki hukutoza wewe, na ikivunja mkataba kwa sababu hiyo, jina lako linaweza kuingizwa kwenye orodha ya Mastercard ya waliofukuzwa, inaitwa MATCH. Unakaa humo miaka 5, na benki nyingine ikichungulia kabla ya kukupa mashine inakuona. Nimeona mtu aliyeingia kwa sababu ya jirani. Jirani muuza vito hakuwa na mashine, akamwomba "nipitishie kadi ya mteja wangu, nitakupa kitu kidogo". Mkahawa ukaanza kuonyesha miamala ya laki tatu mchana wa Ramadhani. Mfumo wa benki haukuhitaji mpelelezi.

Mama_Kanga
Hapa mtaani kupitishiana kadi ni jambo la kila siku. Ni ujirani tu.

Karani_Mstaafu
Ndiyo, mama, na siku mteja wa vito akidai hakupata mkufu wake, pesa zitavutwa kwa mwenye mashine, si kwa jirani.

BintiShela
Nimefungua mkataba. Ni asilimia ileile kwa kadi zote, mzee umesema kweli. Lakini nimeona kitu kingine ambacho sikuwahi kukielewa. Wanazuia asilimia 10 ya kila malipo kwa siku 180, wameiita akiba ya dhamana. Nilidhani ni kawaida kwa kila mtu. Mwenzangu wa nyumba ya pili hazuiliwi hata shilingi. Je, hilo nalo ni 4722?

Karani_Mstaafu
Yaelekea. Na hapa benki ina hoja, kwa hiyo nieleze kwa utulivu.

Tuseme mgeni amelipa Januari kwa kadi safari ya kwenda Kiwayu tarehe 10 Agosti. Safari isipofanyika, chini ya kanuni za Visa ana siku 120 za kupinga malipo, na siku hizo hazihesabiwi kutoka Januari. Zinahesabiwa kutoka siku aliyotarajia kusafiri. Kutoka 10 Agosti mpaka 8 Desemba. Kwa hiyo benki imekupa pesa Januari na inakaa na hatari mpaka Desemba. Katikati ukifunga ofisi ukahamia Oman, mgeni atarudishiwa pesa na atakayelipa ni benki yako. Wakala wa safari wakianguka huanguka na malipo ya miezi ya mbele, ndiyo maana benki zikiona 4722 huweka dhamana, au huchelewesha pesa kuingia kwenye akaunti.

Nyumba ya wageni inayolipwa mgeni akiwa amelala haina pengo hilo. Lakini ukianza kuchukua malipo kamili ya mwaka mzima mbele, utakuwa na pengo lilelile, na benki ikigundua inaweza kukuwekea dhamana hata ukiwa 7011. Tarakimu ni kipimo cha kwanza tu, mkopeshaji yeyote angetaka kujua zaidi.

Na kitu kingine utakachopata ukiwa 7011 ni kushikilia pesa. Mgeni akiingia, unafunga kwenye kadi yake makadirio ya siku zake, bila kuzichukua. Akikaa zaidi unaongeza, akiondoka unakata kiasi halisi na kinachobaki kinafunguliwa. Kwa hoteli ufungaji huo unaweza kudumu karibu mwezi. Benki nyingi hazikuwekei menyu hiyo kwenye mashine ya mtembeza watalii. Na mgeni aliyehifadhi kwa kadi asipotokea, kanuni zinaruhusu nyumba ya wageni kumtoza usiku mmoja, mradi masharti yako aliyaona na kuyakubali wakati wa kuhifadhi. Usiku mmoja, si wiki.

Langoni_Kwetu
Sasa dada afanyeje? Aende Mombasa?

Karani_Mstaafu
Aandike barua kwa kitengo cha mashine za kadi, si kwa tawi. Tawi litaiweka kwenye trei. Aombe MCC ya nambari yake ya mfanyabiashara ipitiwe upya kutoka 4722 kuwa 7011, aambatanishe kibali cha kaunti, leseni ya malazi ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, picha za vyumba na mapokezi, na ukurasa mmoja wa mauzo ya mwaka yaliyogawanywa. Huo ukurasa ndio barua yenyewe, vingine ni mapambo. Pia atume ile karatasi yenye 57 na maneno aliyosomewa na tovuti.

BintiShela
Nimeketi na daftari. Mwaka uliopita, kwa mafungu ya jumla: vyumba milioni 2.9, chakula laki nane, jahazi na matembezi laki tano. Jumla milioni 4.2. Nimetuma jana na barua.

Hesabu_Safi
Vyumba karibu asilimia 69. Hapo hawana la kusema. Ila hakikisha mauzo ya tovuti yamo ndani ya hizo 2.9 hata yale ambayo hayakupita kwenye mashine, vinginevyo watakuuliza.

Nahodha_Matondoni
Hamjambo. Mimi sina vyumba wala mkahawa. Nina jahazi moja na mashua moja, natoa wageni Manda Toto na Takwa. Benki wamenipa 4722 na sasa nasikia habari ya dhamana. Mimi sichukui pesa za mbele, mtu analipa akishuka. Nisiandikwe mwenye kukodisha vyombo? Nasikia ipo.

Karani_Mstaafu
Ipo, nahodha, 4457, ukodishaji wa boti. Lakini imekusudiwa zaidi kwa mtu anayempa mteja chombo. Wewe unakwenda nacho, una baharia, una chakula na vifaa vya kuogelea. Mwenzangu mmoja wa benki angekuweka 4722 bila kufikiri. Mwingine angekuweka 7999, ile ya burudani isiyo na mahali pengine. Mimi binafsi ningekupa 4457 ukionyesha kuwa malipo ni kwa chombo na saa, si kwa kichwa cha mtu.

Hesabu_Safi
Sikubali. Akitoza kwa kichwa na kuna mwongozo wa Takwa, hiyo ni safari iliyoandaliwa. 4722 ni sahihi, na apiganie dhamana peke yake: aonyeshe kuwa malipo yote hufanyika siku ya safari.

Karani_Mstaafu
Inawezekana uko sahihi. Vitabu vyao vina maelezo ya mistari miwili mitatu kwa kila nambari, na jahazi la Lamu halimo.

BintiShela
Narudi na habari. Imechukua muda na nimewapigia mpaka wananijua sauti. Wamekubali 7011. Hawakubadilisha nambari ya zamani, wamenifungulia nambari mpya ya mfanyabiashara, na fundi akapakia mashine upya kwa mbali. Kadi pepe ya kwanza imepita, dola 410 zote. Zilizobaki nimezipitisha moja moja, mbili zimekataa kwa sababu muda wake umeisha, tovuti wamesema watazifungua upya. Menyu ya kushikilia pesa imetokea.

Dhamana ya zamani hawaachilii. Wanasema pesa zilizozuiwa chini ya 4722 zitakaa mpaka siku zake 180 zitimie, kila fungu kwa tarehe yake. Ya mpya hawazuii.

Karani_Mstaafu
Hilo la zamani huna njia, mkataba uliusaini. Ila jambo moja kabla hawajafunga ile nambari ya kwanza: kama kuna mgeni aliyelipa kwayo na huenda ukahitaji kumrudishia pesa, mrudishie sasa. Marejesho hupita kwenye nambari iliyopokea malipo, na ikishafungwa itabidi uandikiane barua na benki kwa kila mmoja. Na wageni wa zamani wakipinga malipo, barua za kupinga zitakuja kwa nambari ya zamani, kwa hiyo usiache kuangalia anwani ile ya barua pepe uliyoandika kwenye fomu.

BintiShela
Ile aliandika kijana wa benki. Ngoja niangalie ni ya nani.

Mpishi_Malindi
Mimi benki wamenijibu leo: 5813, kama nilivyoogopa. Wameomba mauzo ya miezi 12 na picha ya menyu. Sasa swali: sangria inahesabiwa kinywaji hata nikiiuza ndani ya bei ya chakula cha pamoja?

Hesabu_Safi
Inahesabiwa. Igawe bei.

Nahodha_Matondoni
Na mie bado nangoja. Nimewaandikia kama alivyosema Hesabu, nimeomba dhamana iondolewe na nambari ibaki. Nimewapa daftari la safari za Kaskazi nzima, na saa ya kila malipo iko kwenye risiti. Wamenijibu watatuma mtu aje aone chombo. Nimewaambia aje na nguo za kubadilisha.